Sera ya Lugha Shuleni Isiwe Bango la Getini

Wasee, leo tuongee kitu hakitrendi. Shule nyingi za hapa Kenya zikisema ziko na sera ya lugha, zinamaanisha bango. Limepakwa rangi karibu na geti: Jumatatu hadi Alhamisi ni Kiingereza, Ijumaa ni Kiswahili, lugha ya mama ni marufuku. Basi. Hiyo ni sheria ya kelele. Inasema mtoto apige kelele kwa lugha gani akicheza, lakini haisemi mwalimu wa hesabu wa Gredi ya 4 atafundisha kugawanya kwa lugha gani wiki ya kwanza ya Januari. Na hapo ndo watoto wanapotea.

Nimeingia kwa hii stori kwa sababu mathe ako kwenye bodi ya shule moja ya msingi, ya kulipia, huku kwetu Kitengela. Waliandika rasimu ya sera ya lugha, akaniletea niichape. Mimi kampasi niliacha mwaka wa pili, kwa hivyo usitarajie niongee kama profesa. Lakini sista yangu mdogo ako Gredi ya 3 hapo, mwaka ujao anavuka, kwa hivyo nilisoma kila mstari. Rasimu ilikuwa kurasa mbili. Ukurasa mzima ulikuwa wa adhabu.

Tuanze na hiyo adhabu, ndio tuimalize. Wengi wenu mnaijua disiki, kile kibao unavalishwa ukishikwa ukiongea lugha ya nyumbani, unakaa nacho hadi umkamate mwenzako. Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika kuhusu mambo kama hayo ya enzi za mkoloni, na bado yako. Katiba ya 2010, Kifungu cha 44, inampa kila mtu haki ya kutumia lugha anayoichagua. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kumdhalilisha mwanafunzi, kimwili ama kiakili. Kwa hivyo huo ukurasa wa adhabu ulikuwa unaiweka shule pabaya kisheria. Tuliuondoa wote, tukabaki na ukurasa mmoja, na huo mmoja haukuwa na kitu cha kumsaidia mwalimu.

Sasa sera yenyewe inafaa kujibu nini? Maswali matatu, kwa kila gredi. Moja, lugha gani inafundishia masomo mengine. Mbili, lugha gani zinafundishwa kama somo. Tatu, lugha gani mtoto anaandikia mtihani. Watu huchanganya haya matatu, wanadhani mtoto akifundishwa Kiingereza kama somo basi tayari anaweza kufundishiwa sayansi nacho. Hapana. Kujua kusema "naomba kwenda choo" kwa Kiingereza na kuelewa maelezo ya jinsi mvuke unavyogeuka maji kwa Kiingereza ni vitu viwili tofauti kabisa.

Serikali yenyewe ilishajibu sehemu kubwa. Ripoti ya Gachathi ya 1976 ilisema madarasa matatu ya kwanza yafundishwe kwa lugha ya eneo ambalo shule iko, halafu Kiingereza kichukue usukani. Mtaala wa umilisi umeshika njia hiyohiyo: chekechea hadi Gredi ya 3 ni lugha ya eneo, Gredi ya 4 kwenda juu ni Kiingereza. Kwa hivyo shule haianzi na karatasi tupu. Kazi yake ni mambo mawili ambayo Nairobi haiwezi kuifanyia: kujua lugha ya eneo lake ni gani, na kujenga daraja la kuvuka kutoka Gredi ya 3 kwenda ya 4.

Lugha ya eneo kwanza. Kitengela iko Kajiado, ardhi ya Wamaasai, kwa hivyo mzee mmoja wa bodi akasema ni Kimaasai. Mwingine akasema hapa kila mtu ni wa kuja, tuanze Kiingereza moja kwa moja. Wote walikuwa wanakisia. Njia rahisi ni kuhesabu. Siku ya kusajili watoto, muulize mzazi maswali matatu: mtoto anaongea nini na mama, anaongea nini na ndugu zake, na anacheza nje kwa lugha gani. Tuseme darasa lina watoto 40. Ukipata 12 wanaongea Kikamba na mama, 10 Kikikuyu, 7 Kimaasai, na wengine mchanganyiko, lakini 36 wanacheza kwa Kiswahili, jibu liko hapo mbele yako. Kiswahili ndio lugha ya eneo. Enda ndani huko Kajiado, upate darasa ambalo watoto 35 kati ya 40 wanaongea Kimaasai kila mahali, jibu linabadilika, na ni lazima libadilike.

Najua kuna mtu anasema, "Buda, hao hawaongei Kiswahili, wanaongea Sheng." Kweli. Lakini mtoto wa Sheng tayari ana sarufi nyingi ya Kiswahili. Mwambie "gawa maembe 24 kwa watu 6" ataelewa. Sera iseme tu mwalimu asimcheke wala asimwadhibu, amjibu kwa Kiswahili sanifu, na maisha yaendelee.

Faida ya kuanza na Kiswahili unaiona kwa kusoma. Kiswahili kinasomwa vile kimeandikwa. Mtoto akishajua "ba, be, bi, bo, bu" anaweza kusoma neno hajawahi kuliona. Kiingereza kina neno la kikohozi na neno la unga uliokandwa, yote mawili yana mkia uleule wa herufi nne, na unasomwa tofauti. Mtoto akishajua kusoma kwa lugha rahisi, ujuzi huo anauhamisha, anabaki kujifunza vituko vya Kiingereza pekee. Hata hesabu iko hivyo. "Kumi na moja" inakuambia wazi kuna kumi na kuna moja. "Ileven" haikuambii kitu. Sitadanganya, tukifika ishirini na thelathini Kiswahili nacho kinaficha, lakini mwanzo ni mwepesi.

Haya, daraja. Mtoto wa Gredi ya 3 akifunga shule mwisho wa mwaka alikuwa anafundishwa kwa Kiswahili. Januari anafungua, vitabu vya hesabu, sayansi na maarifa ya jamii vyote ni Kiingereza. Miezi miwili ya likizo haijamfundisha hiyo lugha. Rasimu ya bodi haikuwa na neno hata moja kuhusu hii. Nilimwambia mathe, akanijibu, "Mwanangu, wazazi wakisikia Kiswahili Gredi ya 4 watahamisha watoto." Hiyo hofu ni ya haki, kwa sababu mzazi anajua mtihani wa Gredi ya 6 unaandikwa kwa Kiingereza. Kwa hivyo daraja lazima liwe na tarehe ya kufika upande ule mwingine. Hivi ndivyo tuliandika.

Muhula wa tatu wa Gredi ya 3, masomo yanabaki Kiswahili, lakini kila wiki maneno 10 ya hesabu na mazingira yanabandikwa ukutani kwa lugha zote mbili. Walimu wakubaliane maneno mapema, maana wengi wao walisoma sayansi kwa Kiingereza, na kila mmoja akijitafsiria, mtoto atasikia "kani" kwa mmoja na "nguvu" kwa mwingine. Na yachaguliwe maneno yenye mtego. Mtoto anajua "volyum" ni ya kuongeza sauti ya tivii. Kwa hesabu ni ujazo, nafasi ambayo kitu kinachukua. Asipoambiwa, atakaa na hiyo tivii kichwani hadi mtihani.

Gredi ya 4, kipindi ni dakika 35. Muhula wa kwanza, dakika 10 za mwanzo mwalimu anaeleza wazo jipya kwa Kiswahili, halafu kusoma na kuandika kunakuwa Kiingereza. Muhula wa pili, dakika 5. Muhula wa tatu ni Kiingereza, Kiswahili kinarudi tu wengi wakikwama. Mwaka huo, kwa sayansi, mtoto akipata wazo sawa na sarufi mbaya, asikatwe alama. Sarufi ina somo lake.

Na utajuaje kama linafanya kazi? Usisikilize kelele za "yes ticha". Mwalimu akitamka nusu ya neno na darasa zima likamalizia kwa wimbo, hiyo ni koras, haimaanishi wameelewa. Fanya hivi: andika maswali 5 ya hesabu ya maneno, nusu ya darasa ipate karatasi ya Kiswahili, nusu ya Kiingereza. Wiki inayofuata, maswali mapya, wabadilishane. Kama darasa zima linapata kwa Kiswahili na kuanguka kwa Kiingereza, shida yao ni lugha, na daraja liongezwe muda. Kama wanaanguka kwa zote mbili, shida ni hesabu, na kubadilisha lugha hakutasaidia.

Mwisho, Kifaransa. Rasimu iliahidi Kifaransa kuanzia Gredi ya 1, kipindi kimoja kwa wiki, kwa sababu kinapendeza kwenye tangazo la shule. Mfumo wa mtaala wa 2017 uliweka lugha za kigeni kuwa somo la hiari kuanzia Gredi ya 4. Sasa piga hesabu. Kipindi kimoja cha dakika 35, tuseme wiki 35 kwa mwaka, ni kama saa 20. Kiwango cha chini kabisa cha Kifaransa, A1, huchukua takriban saa 60 hadi 100 za darasani. Mtoto atakaa miaka mitatu ndio afike mlangoni, na kwa huo mwendo wa pole atakuwa ameshasahau ya mwaka wa kwanza. Vipindi vitatu kwa wiki vinakupa saa 60 kwa mwaka mmoja. Kwa hivyo tuliandika: vipindi vitatu kuanzia Gredi ya 4 na mwalimu wa kudumu, ama kitolewe kwenye tangazo. Na visitolewe kwa vipindi vya lugha ya mama, kwa sababu hapo ndipo shule hukata kwanza. Kikamba na Kimaasai vikikosa hata dakika 30 za wiki huko chini, hakuna mahali pengine shuleni vitasikika.

Bodi inapiga kura mwezi huu. Mathe anasema daraja litapita, Kifaransa kitaleta vita. Wewe kama uko na mdogo wako Gredi ya 3, usimuulize mwalimu mkuu kama shule inaongea Kiingereza. Muulize hivi: Januari, somo la sayansi, dakika kumi za kwanza, mwalimu atamweleza kwa lugha gani? Akikuonyesha bango, jua hakuna sera.