Karo ikilipwa mara mbili: Ni nani anayezishikilia pesa?

Mzazi mjini Machakos analipa karo ya Sh18,000 kwa M-Pesa, kupitia nambari ya Pay Bill ya benki ambako shule ya mwanawe ina akaunti. Nusu saa inapita bila ujumbe wa kuthibitisha. Kwa hofu kwamba mtoto atarudishwa nyumbani, anakwenda kwa ajenti wa benki na kulipa kiasi kile kile kwa pesa taslimu. Jioni ujumbe wa kwanza unaingia. Karo imelipwa mara mbili.

Tangu Safaricom ilipozindua M-Pesa mnamo Machi 2007, Wakenya wengi wamezoea kwamba pesa zilizotumwa kimakosa hurejeshwa kwa kupeleka ujumbe wa muamala kwa nambari 456. Mazoea hayo ndiyo huwapotosha wengi wanaolipa bili mara mbili. Njia hiyo inafaa zaidi pale pesa zinapomwendea mtu asiyestahili. Katika kisa cha mzazi huyu, malipo yote mawili yalimfikia aliyekusudiwa. Kwa hivyo hakuna muamala uliokosewa. Lililopo ni deni: shule inamdai mzazi Sh18,000 lakini imepokea Sh36,000.

Hatua ya kwanza basi ni kujua pesa ziko wapi. Mzazi aanze na salio lake. Iwapo pesa hazikutoka kwenye simu, muamala haukufanyika na hakuna cha kurejeshwa. Iwapo zilitoka lakini hazijafika kwenye akaunti ya shule, wa kuulizwa ni kampuni ya simu na benki. Iwapo zimefika, wa kuulizwa ni shule peke yake, na hakuna haja ya kushinda kwenye foleni ya benki.

Ushahidi si mgumu kupata. Mteja wa M-Pesa anaweza kupiga *334# na kuomba taarifa ya akaunti yake, ambapo kila muamala huonyeshwa kwa nambari yake ya kipekee pamoja na tarehe na saa. Malipo yaliyofanywa kwa ajenti huthibitishwa kwa stakabadhi. Nakala za hati hizo mbili ziandamane na barua fupi kwa mwalimu mkuu, inayotaja jina la mwanafunzi, nambari yake ya usajili na kiasi kinachodaiwa. Mzazi ahakikishe nakala yake ya barua imepigwa muhuri wa kupokewa.

Ni katika ofisi ya mhasibu ambapo madai mengi hukwama. Mhasibu hufungua ukurasa wa mwanafunzi, akaona malipo mamoja, akasema hayo mengine hayakufika. Huenda asiwe anadanganya. Mlipaji akikosea tarakimu moja ya nambari ya usajili, pesa huingia katika akaunti ya shule lakini zikaandikwa kwa mwanafunzi mwingine, au zikabaki bila mwenyewe. Kwa sababu hiyo, mzazi asiridhike na ukurasa wa mwanafunzi. Aombe nambari za miamala yote miwili zitafutwe katika taarifa ya benki ya shule.

Zikishapatikana, shule nyingi hupendekeza ziada ihesabiwe kuwa karo ya muhula ujao. Bili ya umeme inayolipwa mwisho wa mwezi hufanana na hilo, kwani ziada hupunguza bili inayofuata. Anayenunua tokeni mara mbili naye hupata yuniti za kutumia baadaye. Mpango huo unamfaa anayeendelea kuwa mteja. Haumfai mzazi ambaye mwanawe yuko muhula wa mwisho wa Kidato cha Nne, wala mpangaji anayehama. Hao wanapaswa kusema wazi katika barua kwamba wanataka pesa zenyewe, na wataje akaunti ya kuwekewa.

Shule ikikataa au ikinyamaza, sheria ina njia. Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya 2016 inaruhusu madai yasiyozidi Sh1 milioni, yakiwemo ya pesa zilizopokewa na kushikiliwa na mtu asiyestahili kuzihifadhi. Mdai anaweza kujiwakilisha bila wakili, na kesi inatakiwa kuamuliwa katika siku 60. Mahakama ya aina hiyo ipo Machakos. Hata hivyo, kwa Sh18,000 gharama na siku za kazi zitakazopotea ni za kupimwa kwanza, na mara nyingi barua ya kuonya kwamba kesi itafuata hutosha.

Tahadhari moja inasalia. Kurejeshewa pesa hakuhitaji nambari ya siri ya mlipaji. Anayepiga simu akidai ni wa shule au wa benki, kisha akaiomba, hana nia ya kurejesha chochote.