Picha za Ngorongoro Zisipotee Njiani

Mwezi huu tunataka kuzungumza juu ya safari moja tuliyokwenda, na picha ambazo hatukurudi nazo. Kikundi chetu cha Karatu kilikodi gari kwenda kutazama Kreta ya Ngorongoro. Pamoja nasi alikuwamo bibi mmoja aliyeishi Karatu maisha yake yote bila kufika kule juu. Mwenzetu mmoja, mwenye simu nzuri kuliko zetu, ndiye aliyepewa kazi ya kupiga picha. Pale ukingoni mwa kreta alimpiga bibi akiwa na wajukuu wake wawili, ukungu ukiwazunguka na manyunyu yakianguka. Jioni, tulipofika nyumbani, aliona chaji imebaki kidogo, akaichomeka simu kwenye umeme. Haikuwaka tena, na picha zote zilikuwa humo.

Fundi alipoifungua alikuta unyevu na kutu ya kijani kwenye tundu la chaji. Tangu siku hiyo tumejifunza kwamba mara nyingi si mvua, vumbi wala jua lenyewe linaloua simu. Ni haraka yetu baada ya hapo. Hebu tuangalie moja moja.

MVUA NA UKUNGU

Ukingo wa kreta uko zaidi ya meta 2,200 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi nyingi hufunikwa na ukungu wenye baridi. Ukisimama pale robo saa na simu mkononi, simu nayo hupoa. Kisha unaingia garini, madirisha yamefungwa, watu kumi wanapumua. Simu baridi katika hewa ya joto yenye unyevu hutoka jasho, kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Ndiyo maana lenzi hufifia hata kama mvua haikunyesha.

Dawa yake ni rahisi. Kabla ya kuingia garini, weka simu ndani ya mfuko unaofungwa kabisa, uufunge ukiwa bado nje. Jasho litatokea juu ya mfuko, si juu ya simu. Ngoja dakika kama kumi na tano hadi simu ipate joto la garini, ndipo uitoe. Mifuko ya plastiki ya kubebea vitu imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, lakini maduka ya simu huuza vifuko vya plastiki angavu vya kuvaa shingoni, vyenye kufuli juu. Kabla ya kukiamini, weka karatasi kavu ndani, ukifunge, kisha ukizamishe kwenye ndoo ya maji kwa nusu saa. Karatasi ikitoka kavu, kifuko ni kizima.

Mvua ikinyesha, mwenzako akushikie mwavuli. Usihangaike kugusa kioo, kwa sababu matone ya maji hukichanganya kioo kikadhani ni vidole. Fungua kamera mapema, kisha piga picha kwa kubonyeza kitufe cha pembeni cha kuongeza sauti. Simu nyingi hukubali hivyo, hata zikiwa ndani ya kifuko.

Simu ikilowa, izime, ivue kava, ifute kwa kitambaa kikavu, halafu igongegonge kidogo kiganjani tundu la chaji likitazama chini. Iache mahali penye upepo na kivuli mpaka kesho yake. Usiiweke karibu na jiko wala juani. Ule mtindo wa kuizika ndani ya mchele nao tuuache. Hata watengenezaji wa iPhone wanaukataza, kwa kuwa chembe za mchele zinaweza kuingia na kuharibu. Zaidi ya yote, usiichaji. Umeme ukikutana na maji, vyuma vidogo vya ndani huliwa na kutu au hupiga shoti.

Utajuaje kama maji yameingia? Futa lenzi kwa nje. Ukungu ukibaki palepale, basi uko ndani ya kioo. Na wenye simu zilizoandikwa IP68 wasijivune sana. Tarakimu ya kwanza inahusu vumbi na ya pili maji, lakini mipira ya kuziba huchakaa, na simu ikishafunguliwa na fundi kubadilishwa kioo usiitegemee tena.

VUMBI

Akina mama wa Karatu hatuhitaji kuambiwa habari za udongo mwekundu. Kati ya Juni na Oktoba, gari likipishana na jingine kwenye barabara ya vumbi hamwonani. Fungeni madirisha kwanza, simu irudi kifukoni, mpaka wingu lipite.

Kosa letu kubwa ni kufuta lenzi kwa pembe ya kanga. Vumbi lina chembe za mchanga, na ukilisugua ni kama kusugua sufuria kwa majivu: uchafu hutoka, lakini mikwaruzo hubaki. Anza kwa kupangusa taratibu kwa brashi laini mpya, kama ile ya kupakia poda. Vumbi likishadondoka, ndipo ufute kwa kitambaa safi cha pamba.

Ukiona waya wa chaji hauingii mpaka mwisho, au unachomoka wenyewe, tundu limejaa vumbi. Zima simu, ulitoe polepole kwa kijiti cha meno cha mti. Usitumie pini wala sindano, kwani vyuma vya mle ndani huvunjika.

JOTO

Chini ndani ya kreta, meta zipatazo 600 kutoka ukingoni, mchana hugeuka. Ukungu umeondoka na jua linachoma. Hapo simu nyingi huwekwa juu ya dashibodi, nyuma ya kioo cha mbele, zikichajiwa kwa umeme wa gari. Hayo ni majoto matatu kwa pamoja: la jua, la kioo na la chaji. iPhone, kwa mfano, imetengenezwa itumike katika hewa isiyozidi nyuzi joto 35, na gari lililoegeshwa juani hupita hapo upesi.

Simu iliyozidiwa hujieleza. Kioo hufifia chenyewe, taa ya kamera hukataa kuwaka, au huandika kwamba inahitaji kupoa. Chomoa chaji, ivue kava, iweke kivulini penye upepo na uisubiri. Usiitumbukize kwenye boksi la soda zenye barafu! Ikitoka humo itatoka jasho lile lile la ukingoni, na sasa una tatizo la maji. Mgongo wa simu ukivimba au kioo kikianza kuachana na fremu, betri imeharibika. Usiibonyeze wala kuichaji. Izime, uipeleke kwa fundi.

Siku hizi tukisafiri tuna desturi moja zaidi. Kabla ya kuondoka mahali, mpiga picha huzituma zilizo muhimu kwa simu ya mwenzake kwa Bluetooth, ambayo haihitaji mtandao. Simu moja ikifa, nyingine inazo.

Yule bibi alituuliza mara mbili kuhusu picha yake, na mara zote mbili tulikosa la kusema. Ukame ukiisha tutampeleka tena, akipenda. Safari hii kifuko tumeshakijaribu kwenye ndoo.