Dozi ya Pili ya Surua Iliyochelewa

Na Somoe Hamisi

Chanjo ya surua na rubela hutolewa Tanzania mara mbili: mtoto akitimiza miezi 9, na tena akitimiza miezi 18. Aliyefikisha miaka 3 bila dozi ya pili haanzi upya. Anapewa hiyo moja iliyobaki siku anayofikishwa kliniki, na hesabu yake inakamilika. Sharti la muda ni kwamba ziwe zimepita angalau wiki 4 tangu ile ya kwanza. Miezi iliyozidi hapo, hata ikiwa 20, haipunguzi kitu katika dozi aliyokwishapata.

Wazazi wengi huidhania dozi ya pili kuwa ni nyongeza ya nguvu, ndiyo maana huiona si ya haraka. Kazi yake hasa ni nyingine. Katika miezi 9 baadhi ya watoto bado wana mabaki ya kinga ya mama, na mabaki hayo huviua virusi dhaifu vya chanjo kabla mwili wa mtoto haujajifunza lolote. Kati ya watoto 100 waliochanjwa umri huo, 85 hivi ndio hujenga kinga. Dozi ya pili ni kwa ajili ya wale 15, na kwa kuwa hakuna awezaye kuwatambua kwa macho, hupewa wote. Hasara ya kuchelewa iko hapo: mtoto aliye miongoni mwa hao 15 anaishi bila kinga huku nyumbani wakiamini anayo.

Tuseme mtoto wa Kilwa Kisiwani alizaliwa Machi 2023 akachanjwa Desemba mwaka huo. Dozi ya pili ilipaswa kuwa Septemba 2024, haikutolewa. Mama yake anakumbuka kwamba alichomwa kwenye kampeni ya taifa ya Februari 2024, iliyohusu watoto wa miezi 9 hadi chini ya miaka 5. Je, hiyo si ya pili? Kwa mwili, huenda imefanya kazi, maana wiki 4 zilikuwa zimepita. Lakini dozi ya kampeni ni ya ziada, haichukui nafasi ya ile ya ratiba, na mara nyingi haimo hata kwenye kadi. Achomwe tu. Aliye na kinga tayari hadhuriki kwa dozi moja zaidi. Kadi ikipotea, daftari la kliniki lipekuliwe. Lisipoonyesha kitu, mtoto anahesabiwa kuwa hajachanjwa.

Kikwazo kikubwa cha kisiwani ni kichupa. Chanjo hii huja kama unga, kwa kawaida dozi 10 katika kichupa kimoja, na ikishachanganywa na maji yake hutupwa baada ya saa 6 au kliniki inapofungwa, lolote litakalotangulia. Haina dawa ya kuzuia vijidudu. Mwaka 2017, Kapoeta, Sudan Kusini, watoto 15 walikufa baada ya chanjo ya surua iliyochanganywa kutumika kwa siku nne bila ubaridi, kwa bomba lilelile la kuchanganyia. Saa 6, basi, si za kujadiliwa. Kinachojadilika ni desturi ya kumrudisha mama mwenye mtoto mmoja mpaka wapatikane wengine. Shirika la Afya Duniani linataka kichupa kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, na ni sawa: dozi tisa zilizomwagwa zinaagizwa tena, ilhali mama aliyerudishwa huenda asionekane mwaka mzima. Hata hivyo, ni busara kuuliza mapema siku ya chanjo ya surua, hasa kwa anayelazimika kuvuka kwa mashua hadi Kilwa Masoko.

Mafua, kuhara kidogo au homa ndogo si sababu ya kuahirisha. Muuguzi aambiwe iwapo mtoto anaumwa sana, ana upungufu mkubwa wa kinga, aliwahi kupata mzio mkali baada ya chanjo, au ameongezewa damu karibuni, kwa kuwa kingamwili za damu ya mwingine zinaweza kuizima chanjo kama zile za mama.

Sindano ni ya nusu mililita, chini ya ngozi ya mkono wa juu. Homa ikija, huja kati ya siku ya 6 na ya 12, pengine na vipele vichache, kisha huisha yenyewe. Homa ya usiku uleule huenda inatokana na kitu kingine, na pwani hii mtoto apimwe malaria.

Surua ikiingia nyumba ya jirani, siku ya kliniki haisubiriwi. Chanjo ikitolewa ndani ya saa 72 tangu mtoto akutane na mgonjwa, bado inaweza kumkinga au kuupunguza ukali wa ugonjwa.