Sehemu ya 6: "Haijawahi kutokea" siyo alama

Wiki iliyopita wengi mliniuliza ile karatasi yenye rangi ya kijani, njano na nyekundu inayobandikwa ukutani kazini ni ya nini. Ni jedwali la kupimia hatari. Leo nalieleza, ila nasema mapema kwamba nina ugomvi nalo, au tuseme nina ugomvi na namna watu wanavyolijaza.

Sheria yetu ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri afanye tathmini ya vihatarishi. Watu wakisikia hivyo wanawaza kiwanda. Mimi nawaza mama wa chipsi, maana ana jiko, ana mafuta, ana msaidizi anayemlipa kwa siku, na mara nyingi ana mtoto anayetambaa hapohapo. Hiyo ni sehemu ya kazi kabisa. Basi tumchukue yeye. Kuna mmoja mtaani kwetu, tulikaa naye na daftari lake la madeni tukafanya tathmini nzima kwenye ukurasa wa nyuma.

Hatua ya kwanza ni kutafuta vihatarishi, yaani vitu vinavyoweza kumuumiza mtu. Hapo usikae kwenye kiti ukafikiria, zunguka uangalie kazi ikiendelea. Tulipata kisu cha kumenyea viazi, moshi wa mkaa, sakafu yenye utelezi, na karai la mafuta, kama lita 3 hivi, juu ya jiko la mkaa lililokaa chini. Hatua ya pili ni kuuliza nani ataumia na ataumiaje. Hapa watu wanaandika "mfanyakazi" wanaondoka. Kwa mama huyu walikuwa watatu: yeye mwenyewe, binti anayemsaidia, na mwanae wa miaka 2 anayerudishwa kutoka kwa jirani saa kumi jioni, muda ambao wateja ndo wanajaa.

Sasa hatua ya tatu, kupima. Unatoa alama mbili. Ya kwanza ni uwezekano: 1 ni jambo ambalo ni vigumu sana kutokea, 5 ni jambo unalolitegemea wakati wowote. Ya pili ni ukubwa wa madhara: 1 ni mkwaruzo wa kuosha na kufunga bandeji, 3 ni kutibiwa hospitali na kukosa kazi siku kadhaa, 5 ni kifo au ulemavu wa kudumu. Unazidisha. Kwenye jedwali nililolizoea, 1 hadi 4 ni kijani, 5 hadi 9 ni njano, 10 hadi 14 ni rangi ya chungwa, 15 kwenda juu ni nyekundu, maana yake simamisha kwanza urekebishe. Mipaka ya rangi hutofautiana kati ya sehemu na sehemu, hiyo isikusumbue.

Mama akajaza mwenyewe. Kisu: uwezekano 4, madhara 2, jumla 8. Karai kumwagikia mtoto: uwezekano 1, "kwa sababu mwaka wa tatu sasa haijawahi kutokea", na madhara 2, "atarukiwa na matone". Jumla 2. Yaani kwa daftari lile, kisu ni hatari mara nne kuliko mafuta ya moto mbele ya mtoto wa miaka miwili. Jamani!

Hesabu yake ya kuzidisha ilikuwa sahihi. Kilichokosewa ni alama zenyewe, na makosa haya mawili ninayaona hata kwenye ofisi zenye watu waliosoma.

Uwezekano haupimwi kwa kuuliza kama imewahi kutokea. Unaangalia mambo mawili: mtu anakaribia kile kitu mara ngapi, na kati yao kuna nini kinachozuia. Mtoto anapita pale kila jioni, kwa masaa matatu, na kinachozuia ni jicho la mama aliyeshika hela za wateja. Halafu muulize anayefanya kazi yenyewe. Tulimuuliza binti, akasema polepole kwamba mwezi ule karai limeinama mara mbili mkaa ulipobonyea, akaliwahi. Mama alikuwa hajui. Hizo nusura mbili ndo taarifa bora kuliko miaka mitatu ya kimya. Uwezekano ukatoka 1 ukaenda 4.

Kwenye madhara, unachukua baya zaidi linaloweza kutokea kweli, tena kwa yule atakayeumia zaidi. Usichukue lile unalolitumaini, wala usibuni la kwenye sinema. Mafuta ya kukaangia yana joto la nyuzi 170 hadi 190 hivi. Ngozi ya mtoto ni nyembamba, na akivuta sikio la karai yanamshukia usoni na kifuani. Sisi manesi tunakadiria jeraha kwa kiganja cha mgonjwa mwenyewe pamoja na vidole vyake, ambacho ni kama asilimia 1 ya mwili. Mtoto akiungua zaidi ya asilimia 10, yaani viganja vyake kumi, anahitaji kulazwa na kuongezewa maji kwenye mshipa. Lita 3 zinafika huko bila shida. Kwa hiyo madhara ni 5. Mara 4, tunapata 20. Nyekundu.

Hatua ya nne ni kuchukua hatua na kuziandika, nani atafanya na lini. "Tuwe makini" msiiandike, hiyo haizuii kitu. Wazo la kwanza la mama lilikuwa kuweka jiko juu ya meza. Nikakataa: meza ikiyumba, mafuta yanashuka kutoka juu zaidi. Akajengewa jukwaa la matofali ukutani, kimo cha kiuno, karai likikaa kwenye fremu ya chuma isiyotegemea mkaa. Na mtoto anabaki kwa jirani mpaka karai lipoe, kwa malipo kidogo.

Baada ya hapo unapima upya, na hapa angalieni vizuri ni alama ipi imeshuka. Uwezekano wa mtoto kumwagikiwa umekuwa 1. Madhara yamebaki 5, kwa sababu mafuta ni yaleyale na moto ni uleule. Jumla 5, njano. Mtu akikuletea tathmini ambayo kujenga kizuizi kumeshusha madhara kutoka 5 hadi 2, muulize imekuwaje.

Na ndiyo maana siamini jumla peke yake. Kujikata kidogo karibu kila siku ni 5 mara 1, jumla 5. Mtoto kuungua vibaya kwa nadra ni 1 mara 5, jumla 5 pia. Jedwali linaviona sawa, mimi hapana. Kwa maoni yangu chochote chenye madhara 5 kikaguliwe kila wiki hata kama rangi yake ni nzuri: fremu imelegea? Matofali yamepasuka?

Hatua ya tano, kupitia upya, msiipangie Januari tu. Mnairudia kitu kikibadilika: msaidizi mpya ameanza, mmehama kutoka mkaa kwenda gesi, jirani amesafiri na mtoto yuko nanyi leo. Siku hiyo ya jirani, uwezekano umerudi juu kabla hujawasha jiko.