Kabla ya kulipia trekta, chimba shimo kwanza

Vijana wangu wa Holili, leo nitasema jambo ambalo wenye matrekta hawatalipenda. Kulima kwa jembe la sahani kila msimu, tena udongo ukiwa bado umelowa, ndiko kunakotuangusha kwenye mahindi. Halafu tunasingizia mvua.

Kijana mmoja aliniita shambani kwake. Mahindi yalinyauka siku chache tu baada ya mvua kubwa, na maji yalikuwa yametiririka hadi barabarani. Tukang'oa shina moja. Mizizi ilishuka hadi kina cha kiganja kimoja, kisha ikapinda na kwenda kando kama imegonga sakafu. Na kweli ilikuwa sakafu, ila imetengenezwa na sahani zinazopita kina kilekile kila mwaka na tairi linalokanyaga mferejini.

Tukapima. Tulichukua kopo lililokatwa pande zote mbili, upana sentimita 7, urefu sentimita 8. Ujazo wake ni 3.14 × 3.5 × 3.5 × 8, yaani kama 308. Tukalizamisha taratibu, tukasawazisha udongo kwenye kingo, tukaukausha kwenye kikaango hadi uzito ukaacha kupungua. Udongo wa juu ulikuwa gramu 385, sawa na gramu 1.25 kwa kila sentimita ya ujazo. Ule wa chini ulikuwa gramu 480, sawa na 1.56. Kwenye udongo wa mfinyanzi kama ule, ukipita kama 1.5 mizizi haipenyi tena.

Sasa nafasi ya hewa na maji. Chembe za udongo zenyewe zina uzito wa kama 2.65. Gawanya 1.56 kwa 2.65, toa kwenye 1, unabaki na asilimia 41. Juu ilikuwa 53. Utasema 41 si haba. Tatizo ni kwamba matundu yanayobondwa kwanza ni yale makubwa, ndiyo yanayopitisha maji na mizizi. Yanayobaki ni madogo mno, kwa hiyo mvua inakosa njia ya kushuka.

Ukikuta hali hiyo, kodi ripa, sio sahani. Ipite kama sentimita 5 chini ya tabaka gumu, wakati wa kiangazi. Finyanga udongo wa kina hicho mkononi: ukitoa kamba, subiri, maana ripa itakata tu bila kupasua. Ukivunjika, ingia. Baada ya hapo trekta lipite njia zilezile kila msimu, la sivyo utalipia tena.

Ila wenye vihamba huko juu mlimani msitumie kipimo changu. Udongo wenu wa majivu ya volkano ni mwepesi kiasili.

Na usipokuta sakafu, usipasue chochote. Hela yako baki nayo.