Data Haijizimi Yenyewe, Kuna Anayeizima

Kila wiki kuna mtu ananiambia data ya simu yake "inajizima tu". Jamani, naomba tuache huo msemo. Swichi ya data haina akili ya kujiamulia. Kuna kitu ndani ya simu kimeizima au kimeziba njia, na mara nyingi simu inakijua kwa jina. Kinachonikera ni kwamba inakijua na haikwambii.

Sisemi hivi kwa kukisia. Tangu Android 12, ya mwaka 2021, waandishi wa programu wanaweza kuiuliza simu ni sababu gani imeizuia data. Sababu zimeorodheshwa nne: mwenye simu kaizima, sera ya matumizi imeikata, mtoa huduma kaizuia, au simu imepata joto kali. Swali lenyewe ni mstari mmoja:

```kotlin
tm.isDataEnabledForReason(
    TelephonyManager.DATA_ENABLED_REASON_POLICY)
```

Ikirudisha `false`, basi kikomo cha matumizi ndicho kilichokata. Jibu limo ndani ya simu. Lakini mwenye simu anafungua mipangilio, anakuta swichi imewashwa, rangi yake nzuri, na intaneti hakuna. Hapo atamlaumu nani? Kampuni ya laini, bila shaka.

Chukua mfano wa mama mmoja muuza mitumba anayepokea oda kwa WhatsApp. Ana laini mbili. Ile ya kwanza ananunua bando la MB 250 kila siku na kulimaliza. Fundi aliyemuuzia simu alimwekea kikomo cha GB 5 kwenye laini hiyo, "ili isikule pesa". Nia ilikuwa njema. Sasa piga hesabu: MB 250 mara siku 20 ni GB 5. Kufikia tarehe 20 simu inafunga data ya laini ya kwanza. Tarehe 21 ananunua bando kama kawaida, ujumbe wa kuthibitisha unaingia, akiangalia salio anakuta MB zote zipo, lakini WhatsApp imekwama. Anahamishia data kwenye laini ya pili na mambo yanaenda. Tarehe 1 laini ya kwanza inafufuka yenyewe. Usishangae akikwambia, "Mwanangu, hawa watu wa laini ni wezi, kila mwisho wa mwezi wananila."

Hakuna aliyemla. Kikomo huwekwa kwa kila laini peke yake, ndiyo maana laini ya pili haikuguswa. Na mzunguko wa hesabu katika Android ya kawaida ni wa mwezi, unaoanza tarehe unayoichagua. Simu haijui kwamba umenunua bando jipya. Yenyewe inahesabu data iliyopita, basi. Hapa ndipo ugomvi wangu ulipo. Chombo hiki kiliundwa kwa mtu anayelipa bili ya mwezi, kikaletwa kwetu tunaonunua bando la siku, hata la saa moja, na hakuna aliyejisumbua kuongeza mzunguko wa siku.

Najua jibu la watetezi: simu ilitoa taarifa. Kweli, huwa inatoa, yenye maneno kama "Data paused for rest of your cycle". Lakini taarifa hiyo inakuja katikati ya taarifa nyingine kumi, kwa Kiingereza cha kihasibu, na mtu akiwa anahudumia mteja anaifagia kwa kidole. Siku mbili baadaye akitafuta chanzo, mahali pa kwanza atakapoangalia ni swichi ya data, na hapo hakuna neno.

Kwa hiyo ukikwama, anza na swichi yenyewe. Je, imezimwa, au imewashwa ila hakuna kinachopita? Hayo ni magonjwa mawili tofauti.

Kama imewashwa na hakuna kinachopita, hakikisha kwanza kwamba laini iliyochaguliwa kubeba data ndiyo yenye bando. Kisha ingia Settings, Network & internet, SIMs, chagua laini hiyo, halafu Data warning & limit. Zima "Set data limit" na uache "Set data warning". Onyo linakukumbusha bila kukata. Rudia kwa laini ya pili, kwa sababu kurekebisha moja hakugusi nyingine.

Ikiwa hakuna kikomo, tazama juu ya skrini kama kuna alama ya ufunguo. Hiyo ni VPN, na programu nyingi za kubana matumizi hutumia njia hiyo. Tangu Android 5.0 ya mwaka 2014, programu ya kawaida uliyoipakua hairuhusiwi kubonyeza swichi ya data kwa niaba yako. Kwa hiyo hujifanya VPN ndani ya simu, data yote ipitie kwake, kisha inachagua cha kuzuia. Ukiwa umewasha pia "Block connections without VPN", halafu kiokoa betri kikaiua programu hiyo, simu nzima inabaki bila intaneti. Mlinzi kafa na funguo mfukoni. Ondoa programu hiyo au zima kipengele hicho, kisha ujaribu tena.

Kama swichi yenyewe umeikuta imezimwa, mshukiwa wa kwanza ni programu iliyokuja na simu, na hapo angalia saa. Ikizimika saa ile ile kila siku, tafuta ratiba. Kwenye Samsung, kwa mfano, ziko ndani ya Modes and Routines. Ikizimika dakika chache baada ya kufunga skrini, nenda kwenye mipangilio ya betri. Baadhi ya simu zina kipengele kinachoitwa "Turn off mobile data when device is locked". Kimefichwa chini ya betri, mahali ambapo mtu mwenye shida ya intaneti hana sababu ya kwenda.

Na Data Saver, ambayo kila mtu huilaumu kwanza? Kwa kawaida haina hatia hapa. Haizimi data. Inazuia programu zisizo mbele yako zisitumie data kichinichini. Dalili yake ni kwamba ujumbe hauingii mpaka uifungue programu, na ukiifungua tu unamiminika. Ukiona hivyo, iruhusu programu hiyo kwenye "Unrestricted data", usihangaike na laini.

Ninachodai kwa watengenezaji ni kidogo sana. Chini ya swichi ya data kuna nafasi ya mstari mmoja. Uandikwe: "Imekatwa na kikomo cha laini ya 1 hadi tarehe 1." Au: "Ilizimwa saa 4:10 usiku na kiokoa betri." Maelezo hayo simu inayo tayari, na Kiswahili kimo kwenye orodha ya lugha zake. Mkishaweka huo mstari, wekeni na mzunguko wa siku kwenye kikomo. Mpaka hapo, msituambie kwamba mtumiaji wa kawaida haelewi simu yake. Hamjamwambia kitu cha kuelewa.