Kipimo cha Hofu Kisicho na Mwoga

Miongoni mwa vijana wa Arusha wanaofanya biashara ya bei kwa simu zao, wakiwamo wanafunzi wengi wa vyuo, ipo namba inayotajwa mara kwa mara: Volatility 75 Index, au V75 kwa ufupi. Wengine huiita “VIX 75”, wakiamini kwamba ni tawi la kile kipimo mashuhuri cha Marekani ambacho vyombo vya habari hukiita kipimo cha hofu. Kwa imani hiyo huisoma namba hiyo kama mtu asomaye uso wa umati: imepanda, watu wameogopa; imeshuka, watu wametulia.

Hoja yangu ni kwamba VIX na V75 hazina undugu wowote zaidi ya kufanana kwa majina, na kwamba kufanana huko kunawagharimu vijana wetu fedha halisi. Lakini hoja hiyo haiwezi kueleweka kabla ya kujua kipimo cha kweli cha hofu hutengenezwaje, na chenyewe kina kasoro gani. Tuanzie karibu, kwenye miteremko ya Mlima Meru.

Tuchukue chama cha msingi cha wakulima wa kahawa ambacho kilo yake leo ina thamani ya shilingi 5,000. Mavuno yako miezi mitatu mbele. Tuseme anatokea mtu anayewaambia wakulima: “Nilipeni shilingi 100 kwa kila kilo, nami nitawapa haki ya kuniuzia kwa shilingi 4,500 siku ya mavuno, hata bei ikiporomoka namna gani.” Bei ikibaki juu, wakulima wataiacha haki hiyo ipite na hasara yao itakuwa ile shilingi 100 tu. Haki ya namna hii ndiyo iitwayo opsheni. Kwa lugha ya kawaida ni bima, na ile shilingi 100 ni ada yake.

Sasa fikiri kwamba wiki ijayo kilo bado ni shilingi 5,000, lakini ada ya bima ileile imepanda hadi shilingi 300. Bei ya kahawa haijasogea hata kidogo. Kilichobadilika ni wasiwasi. Wanaotaka kinga wamekuwa wengi, na anayeitoa anaogopa zaidi kuliko jana. Kwa hiyo mtu anayetazama ada peke yake anaweza kukadiria watu wanatarajia bei iyumbe kwa kiasi gani. Huo ndio msingi wote wa kupima hofu kwa bei za opsheni: husikilizi watu wanasema nini, unatazama wamelipa kiasi gani kujikinga.

Meru hakuna soko la bima hizo, ila kwa kahawa ya arabika lipo New York, na kwa hisa za kampuni kubwa za Marekani lipo Chicago. Huko Chicago ndiko VIX ilikozaliwa mwaka 1993, kutokana na kazi ya mwanauchumi Robert Whaley, kisha ikaundwa upya mwaka 2003. Kanuni ya sasa huchukua opsheni za fahirisi ya hisa ya S&P 500 zinazobakiza siku kati ya 23 na 37 kabla ya kuisha muda wake. Huchukua haki za kuuza zilizo chini ya kiwango cha sasa cha soko na haki za kununua zilizo juu yake. Huzijumlisha kwa mizani inayozipa uzito zaidi zile za viwango vya chini, yaani bima za maporomoko makubwa, kisha hutoa namba moja inayoelezea siku 30 zijazo.

Namba hiyo ni asilimia ya mwaka mzima, na wafanyabiashara wana njia rahisi ya kuileta kwenye siku moja: igawe kwa 16, kwa kuwa mwaka una siku za soko zipatazo 252 na kipeuo cha pili chake hukaribia 16. VIX ikisoma 16, walionunua na waliouza bima wanatarajia siku ya kawaida soko lisogee kama asilimia 1, juu au chini. Ikisoma 48, wanatarajia asilimia 3. Namba haisemi soko litaelekea wapi. Inasema tu kinga imekuwa ghali kiasi gani.

Wako wanaofuata kanuni ya kununua pale wengine wanapoogopa kupita kiasi. Historia inawaonya. Tarehe 16 Machi 2020, wakati wa UVIKO-19, VIX ilifunga siku kwa 82.69, kiwango cha juu kuliko siku yoyote iliyopata kufungwa. Hisa zilifika chini kabisa tarehe 23 Machi, wiki moja baadaye, na aliyenunua kwa hofu ile alifurahi upesi. Lakini tarehe 20 Novemba 2008 kipimo kilifunga kwa 80.86, na soko halikufika chini kabisa hadi tarehe 9 Machi 2009. Karibu miezi minne ilipita, na hisa zikashuka kwa takriban asilimia 10 nyingine. Hofu ileile, majira tofauti.

Kasoro kubwa zaidi iko ndani ya kanuni yenyewe, na ilionekana wazi Jumatatu ya tarehe 5 Agosti 2024. Siku tano kabla, Benki Kuu ya Japani ilikuwa imepandisha riba. Yeni ikaimarika, na waliokuwa wamekopa yeni kwa bei nafuu ili kununua mali nchi nyingine wakalazimika kuuza kwa haraka. Jumatatu hiyo fahirisi ya Nikkei ya Tokyo ilianguka kwa zaidi ya asilimia 12. Huko Marekani, VIX iliyokuwa imefunga Ijumaa kwa 23.39 iliruka hadi 65.73 kabla soko la hisa la New York halijafunguliwa. Kwa kanuni ya 16, ilikuwa ikitangaza mwendo wa asilimia 4 kwa siku, kila siku, kwa mwezi mzima. Jioni ilifunga kwa 38.57, na S&P 500 ilikuwa imepungua kwa asilimia 3.

Je, hofu ya umati ilipanda na kushuka kwa kasi hiyo ndani ya saa chache? Sehemu tu. VIX haitumii bei ambazo biashara imefanyika. Hutumia wastani kati ya bei anayotaja mnunuzi na bei anayotaja muuzaji. Rudi kwenye mfano wa Meru: mnunuzi anataja shilingi 80 na muuzaji 120, wastani ni 100. Muuzaji akiingiwa na woga na kutaja 520, wakati mnunuzi bado anataja 80, wastani unakuwa 300. Ada “imepanda” mara tatu ilhali hakuna kilo hata moja iliyokatiwa bima. Alfajiri ile ya New York madalali wachache waliokuwa kazini walitanua pengo hilo, hasa kwenye bima za maporomoko makubwa ambazo kanuni huzipa uzito. Tulichokiona kwa sehemu kubwa ni woga wa madalali hao, si wa umati.

Mfanyabiashara makini angeitambuaje hali hiyo? Angetazama mikataba ya baadaye ya VIX, ambayo watu huinunua na kuiuza kwa fedha zao. Mikataba hiyo ilipanda, lakini haikukaribia kiwango kile. Namba inapoikimbia mbali mikataba yake, pana shaka katika vipimo kabla ya kuwapo shaka katika watu.

Lipo pia swali la nani anayeogopa. Katika hisa, hofu ni ya kuporomoka. Katika kahawa mara nyingi ni kinyume. Baridi kali ilipounguza mashamba ya Brazili Julai 2021, walioogopa New York walikuwa wanunuzi na wakaangaji, na walichokiogopa ni kupanda kwa bei, jambo ambalo mkulima wa Meru angelipokea kwa shukrani. Hofu yao ilikuwa tumaini lake. Naye mkulima, kwa kuwa hana bima ya kununua, hofu yake mwenyewe haimo katika kipimo chochote. Kwa hiyo hata kipimo cha kweli si sauti ya watu wote: ni sauti ya waliomudu kulipia kinga.

Sasa turudi kwenye V75. Haina opsheni nyuma yake, haina hisa, haina kahawa, haina mnunuzi aliyeogopa wala muuzaji aliyesitasita. Ni bei inayozalishwa na kompyuta kwa namba za kubahatisha, ikiwa imepangwa iyumbe kwa asilimia 75 kwa mwaka, daima. Jambo hili halikufichwa. Limo katika maelezo ya bidhaa yenyewe kwa yeyote atakayeyasoma. Ishara yake iko wazi pia: V75 hutembea usiku na mchana, Jumapili, Idi na Krismasi, wakati masoko ya watu yamefungwa. Kwa kuwa hailali, igawe 75 kwa 19, ambacho ni karibu kipeuo cha pili cha siku 365, nawe utapata mwendo wa takriban asilimia 4 kila siku. Kijana aliyeingia kwa fedha zilizokuzwa mara 100 hupoteza mtaji wote kwa mwendo wa asilimia 1.

Watetezi wake husema kwamba mchezo huo ni wa haki kwa sababu hakuna habari wala tajiri anayeweza kuuyumbisha. Nakubali kwamba dadu inaweza kuwa ya haki. Ninachokataa ni kufundishana kusoma hisia za umati kwenye dadu. Michoro ya bei ina maana, kama inayo, kwa sababu watu hukumbuka walikonunua na walikoumia. Namba ya kubahatisha haikumbuki chochote; hatua yake inayofuata haijui iliyotangulia. Kinachobaki kwa uhakika ni gharama ya kila muamala, nayo huelekea upande mmoja.

Kwa watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu, hasa walio karibu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana na Benki Kuu, ombi langu ni dogo. Watoa huduma wanaweza kuwa nje ya mipaka yetu, lakini onyo la umma haliombi ruhusa yao. Yatosha kusema kwa Kiswahili chepesi kwamba bei hizi hutengenezwa na mashine na hazihusiani na soko lolote. Nanyi wanafunzi, mkikutana tena na kipimo kinachojiita cha hofu, ulizeni swali moja kabla ya kuweka hata shilingi: ni nani hasa aliyelipa ili ajikinge? Jibu likiwa “hakuna”, basi hapo hakuna umati wa kusomwa.